Ujazo wa rundo la kokoto kwa mikato iliyopimwa: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya yanafuata rundo moja kuanzia kwenye uwanja wa machimbo hadi kwenye idadi ya tani. Ni rundo refu la kokoto za milimita 20, lililomwagwa na matipa na kusukumwa na loda. Kutoka unyayo wa mbele hadi unyayo wa nyuma lina mita 47, na juu yake ni karibu mita 6. Unyayo hapa ni mstari ambapo kokoto zinaishia na ardhi inaanza. Ukingo ni pale mteremko unapokutana na mgongo wa rundo.

Mkato ni nini, na ujazo unatokaje humo?

Chukulia rundo limekatwa wima, kutoka upande mmoja hadi wa pili. Uso unaoonekana pale ulipokatwa ndio mkato. Kwa juu umefungwa na uso wa rundo, kwa chini na sakafu. Ukijua eneo la mkato huu na la ule unaofuata, unachukua wastani wa maeneo hayo mawili na kuuzidisha kwa umbali ulio kati yake:

```
V = (A1 + A2) / 2 × L
```

Ukijumlisha vipande vyote, umepata ujazo wa rundo. Hesabu yenyewe ni nyepesi. Makosa makubwa hutokea mahali pengine: kwenye sakafu, kwenye kingo za juu, na zaidi ya pote kwenye zile ncha mbili za rundo.

Mstari wa msingi niupitishe wapi?

Upitishe sambamba na mgongo wa rundo, kwa urefu wake. Si lazima ukanyage mgongo. Unaweza kuuweka chini, kando ya rundo, mradi uwe umenyooka na kila mkato uukate kwa pembe mraba. Weka alama mbili za kudumu nje ya eneo ambalo loda inafanya kazi, upate kurudi kwenye mstari uleule mwezi ujao. Kigingi kilichopigwa kwenye unyayo wa rundo hakimalizi wiki.

Umbali unaosoma kwenye mstari huo ndio cheneji. Katika rundo letu, cheneji 0 ni unyayo wa mbele na cheneji 47 ni unyayo wa nyuma. Kutoka kwenye mstari kwenda kushoto tunaandika alama ya kutoa, kwenda kulia alama ya kujumlisha.

Mikato iachane kwa mita ngapi?

Kwa rundo la ukubwa huu anza na mita 8, lakini usiishie hapo. Nafasi sawa hurahisisha karatasi, ila rundo halijui karatasi yako. Mkato unahitajika kila mahali umbo linapobadilika: pale mgongo unapoanza, pale unapoisha, na pande zote mbili za shimo lililochimbwa na loda. Namna ya kupima kama mikato yako inatosha imeelezwa huko chini, na ni hesabu ya dakika tano.

Kwenye kila mkato nipige pointi zipi?

Unyayo wa kushoto, ukingo wa kushoto, ukingo wa kulia, unyayo wa kulia, na kila mahali katikati ya hizo ambapo mteremko unavunjika. Kokoto zilizomwagika zenyewe hulala kwa mteremko karibu ulionyooka, wa nyuzi 35 hadi 40 hivi, kwa hiyo kati ya unyayo na ukingo pointi mbili tu mara nyingi zinatosha. Upande ambao loda imekuwa ikichota ni habari nyingine. Kule uso unaweza kusimama wima zaidi kwa juu na kuwa na tumbo kwa chini, na hapo utahitaji pointi tatu au nne zaidi.

Kosa linalorudiwa sana ni kupiga pointi moja katikati ya mgongo na kuziacha kingo mbili. Mgongo ukiwa mwembamba kama upanga haina neno. Lakini ukiwa na upana wa mita 3 tu, kosa ni kubwa kuliko watu wanavyodhani. Tutaliona kwa tarakimu baada ya kukokotoa mkato wa cheneji 24.

Sakafu naipataje ilhali imefunikwa?

Huipati kwa uhakika tena. Sakafu hupimwa uwanja ukiwa mtupu, kabla ya tipa la kwanza kumwaga, kwa kutumia alama zilezile za kudumu utakazotumia kupimia rundo. Gridi ya mita 5 inatosha kwa uwanja uliosawazishwa, pamoja na pointi za ziada kwenye mifereji na mabonde.

Kama rundo limeshakaa na sakafu haikupimwa, njia iliyobaki ni kuunganisha unyayo na unyayo kwa mstari mnyoofu, kisha kuandika wazi kwenye ripoti kwamba sakafu imekadiriwa. Usiifiche habari hiyo. Uwanja ambao loda imezunguka miaka mingi mara nyingi umebonyea katikati, na kokoto zilizojaza bonde hilo hazitaonekana kwenye hesabu yako. Kinyume chake pia hutokea: rundo limekaa juu ya kilima kidogo cha kifusi cha zamani, nawe ukakihesabu kifusi kama kokoto.

Eneo la mkato mmoja nalikokotoaje?

Njia isiyokusumbua, hata mkato ukiwa na umbo la ajabu, ni ya koordineti. Orodhesha pointi kwa kuzunguka mkato mzima, juu kwenda na chini kurudi, kisha rudia ile ya kwanza mwishoni. Huu hapa mkato wa cheneji 24. Vimo vimepunguzwa 100 ili tarakimu ziwe ndogo, jambo lisilobadilisha eneo.

| Pointi | Kando (m) | Kimo (m) |
|---|---|---|
| Unyayo kushoto | −9.2 | 0.40 |
| Ukingo kushoto | −1.4 | 6.20 |
| Ukingo kulia | 1.8 | 6.30 |
| Unyayo kulia | 9.6 | 0.60 |
| Sakafu katikati | 0.0 | 0.20 |
| Unyayo kushoto tena | −9.2 | 0.40 |

Kwa kila pointi, zidisha umbali wake wa kando kwa kimo cha pointi inayofuata, kisha toa umbali wa kando wa inayofuata uliozidishwa kwa kimo chake. Mstari wa kwanza unatoa −9.2 × 6.20 kutoa −1.4 × 0.40, yaani −56.48. Inayofuata ni −19.98, kisha −59.40, halafu 1.92 na 1.84. Jumla ni −132.10. Ondoa alama ya kutoa, gawanya kwa mbili: eneo ni mita za mraba 66.05. Alama ile ya kutoa inaonyesha tu kwamba umezunguka mkato kama mshale wa saa.

Kwenye jedwali la kompyuta, ukiweka umbali wa kando safu A na vimo safu B kuanzia mstari wa 2, fomula ni hii:

```
=ABS(SUMPRODUCT(A2:A6,B3:B7)-SUMPRODUCT(A3:A7,B2:B6))/2
```

Ukipata eneo dogo ajabu, angalia mpangilio wa pointi kwanza. Pointi mbili zikibadilishana nafasi, mstari hujikata wenyewe na sehemu ya eneo hufutana. Kuuchora mkato kwenye skrini kunalifichua kosa hilo papo hapo.

Sasa turudi kwenye ile ahadi. Futa kingo mbili, weka pointi moja katikati ya mgongo yenye kimo cha 6.25, kisha kokotoa upya. Eneo linashuka hadi 56.85. Umepoteza mita za mraba 9.20, karibu asilimia 14 ya mkato, kwa sababu ya kuona uvivu wa hatua mbili juu ya rundo. Kuhusu sakafu: ukiiondoa ile pointi ya katikati na kuunganisha nyayo mbili moja kwa moja, eneo linakuwa 63.25. Hiyo ni asilimia 4 pungufu, na bonde lenyewe lina kina cha sentimita 30 tu.

Jumla ya ujazo inatokaje?

Haya ndiyo maeneo ya mikato yote ya rundo letu, kila mmoja umekokotolewa kama ule wa cheneji 24:

| Cheneji | Eneo (m²) |
|---|---|
| 0 | 0 |
| 8 | 49.30 |
| 16 | 63.80 |
| 24 | 66.05 |
| 32 | 61.40 |
| 40 | 37.20 |
| 47 | 0 |

Kiwiliwili, yaani kutoka cheneji 8 hadi 40, kina vipande vinne: 452.4, 519.4, 509.8 na 394.4. Jumla yake ni mita za ujazo 1,876.0. Ncha mbili bado hazijaingia, na ndizo zinazohitaji jibu la peke yake.

Ncha za rundo nizidishe kwa nusu au kwa theluthi?

Swali hili huzua ubishi zaidi kuliko mengine yote, na jibu linalotolewa kwa haraka mara nyingi si sahihi. Hoja ya theluthi ni hii: eneo linaanza na sifuri kwenye unyayo na kukua hadi mkato wa kwanza, kwa hiyo kipande hicho ni piramidi, na ujazo wa piramidi ni theluthi moja ya eneo la kitako mara urefu. Hoja inasikika vizuri. Ila itazame ncha ya rundo halisi. Kokoto zilizomwagwa huteremka pande zote kwa mteremko uleule, kwa hiyo ncha yake ni nusu ya koni iliyokaa wima, nayo mkato wako wa kwanza unapita kwenye kilele chake. Hiyo si piramidi iliyolazwa chini.

Fanya hesabu ya nusu koni. Nusu kipenyo ni r, kimo ni h. Ujazo wake ni πr²h/6. Mkato unaopita kileleni ni pembetatu yenye eneo r × h, na umbali kutoka mkato huo hadi unyayo ni r. Ujazo kwa hiyo ni π/6 ya eneo mara urefu, yaani 0.524. Nusu inakaribia sana, imepungua kwa asilimia 4 au 5 ya ncha tu. Theluthi inakutupa mbali kwa asilimia 36.

Theluthi inafaa pale ncha inapochongoka kama ncha ya mkuki, upana na kimo vikipungua pamoja. Kwenye rundo la kumwaga hali hiyo ni adimu. Kwa upande mwingine, kama loda imesawazisha ncha ikawa na unyayo mnyoofu na pembe mbili za mraba, sehemu inayofaa inapanda hadi karibu theluthi mbili.

Utajuaje ni ipi? Simama katikati, kati ya mkato wa kwanza na unyayo wa ncha, upime upana wa rundo kutoka unyayo hadi unyayo. Upana ukiwa nusu ya upana wa mkato wa kwanza, ncha ni ya mkuki. Ukiwa karibu asilimia 87, ni nusu koni. Ukiwa sawasawa, ni ncha ya mraba. Kwa mkato wenye upana wa mita 16, tofauti ni kati ya mita 8, mita 14 na mita 16, na hata kwa macho zinaonekana.

Bora kuliko kuchagua sehemu yoyote ni kupima mkato mmoja zaidi palepale katikati. Katika rundo letu, mkato wa cheneji 4 ulikuwa na eneo la 26.40 na ule wa cheneji 43.5 ulikuwa na 19.80. Yote miwili ni asilimia 53 hadi 54 ya mkato mkubwa wa jirani, na nusu koni kamili inatoa karibu asilimia 54. Ingekuwa piramidi, tungeona robo.

Kwa wastani wa maeneo, ncha ya mbele sasa inatoa 204.2 na ya nyuma 134.4, jumla 338.6. Bila mikato ya katikati nusu ingetoa 327.4, ambayo si mbaya. Theluthi ingetoa 218.3, na mita za ujazo 120 zingetoweka kwenye karatasi wakati kokoto zipo uwanjani.

Nitajuaje kama mikato yangu inatosha?

Futa mkato mmoja katika kila miwili, kokotoa upya, kisha linganisha. Kwenye kiwiliwili chetu tubakize cheneji 8, 24 na 40 tu. Vipande viwili vya mita 16 vinatoa 922.8 na 826.0, jumla 1,748.8. Tofauti na 1,876.0 ni mita za ujazo 127.2.

Tofauti hiyo inakwambia kitu kuhusu mikato uliyonayo. Wastani wa maeneo una tabia ya kupunguza kosa lake hadi robo hivi unapokata nafasi kwa nusu, ikiwa umbo linabadilika taratibu. Kwa hiyo kosa lililobaki kwenye nafasi ya mita 8 ni kama theluthi ya tofauti hiyo, takriban mita za ujazo 42, na linaelekea upande wa upungufu. Kwa kiwiliwili cha 1,876 hiyo ni zaidi ya asilimia 2. Kama matokeo yanatumika kulipia kazi, ni nyingi.

Usiongeze mikato kila mahali. Tazama jedwali la maeneo utafute pale yanaporuka. Kati ya cheneji 16 na 32 maeneo yanakaribiana, na mkato mpya hapo hautabadilisha kitu. Kati ya 8 na 16 yanapanda kwa 14.5, na kati ya 32 na 40 yanashuka kwa 24.2. Mikato miwili iliongezwa: cheneji 12 yenye 58.10 na cheneji 36 yenye 51.80. Kipande cha kwanza kikapanda kutoka 452.4 hadi 458.6, na cha nne kutoka 394.4 hadi 404.4. Kiwiliwili sasa ni 1,892.2, na pamoja na ncha rundo zima ni mita za ujazo 2,230.8. Andika 2,231. Desimali hazina maana kwenye kitu kinachoteleza ukikikanyaga.

Fimbo ya prizima inazama kwenye kokoto. Ni tatizo?

Ndiyo, hasa kwenye vumbi la mawe na mchanga. Ncha kali ya fimbo ikizama sentimita 5 kila unapopima, umeshusha uso mzima wa rundo kwa sentimita 5. Rundo letu linafunika karibu mita za mraba 700 za ardhi, kwa hiyo kosa ni kama mita za ujazo 35. Funga kibati bapa cha upana wa sentimita 10 hivi chini ya fimbo, na uingize unene wake kwenye urefu wa fimbo.

Urefu wa fimbo wenyewe nao una mtego. Ukikosea kuuingiza kwa sentimita 10 kwenye sakafu na kwenye rundo pia, makosa yanafutana. Ukikosea upande mmoja tu, umeongeza au umepunguza mita za ujazo 70. Kabla ya kupanda rundo na baada ya kushuka, pima alama moja ya kudumu yenye kimo kinachojulikana. Isipolingana ndani ya sentimita 2, usiendelee hadi ujue sababu.

Itakuwaje mkato wangu ukienda mshazari, au rundo likipinda?

Mkato ulioenda mshazari ni mpana kuliko ule wa mraba. Ukipotoka kwa nyuzi 15 eneo linazidi kwa asilimia 3.5, na ujazo nao hivyohivyo. Ukiwa na koordineti za pointi si kazi kulirekebisha: tumia umbali wa kando kutoka kwenye mstari wa msingi, yaani ule wa pembe mraba, badala ya umbali uliotembea kati ya pointi na pointi.

Rundo lililopinda ligawanye. Weka mstari mmoja kwa kila mkono wake, na mikono yote miwili iishie kwenye mkato mmoja unaopita konani kwa kuigawa pembe sawasawa. Mkato huo wa konani ni wa mshazari kwa mistari yote miwili, kwa hiyo tumia umbali wa kando wa kila mstari kwa mkono wake. Ukiendelea na mikato ya kawaida hadi konani, itapishana upande wa ndani na kuacha pengo upande wa nje.

Tani nazipataje kutoka kwenye ujazo?

Kwa kuzidisha kwa uzito wa mita moja ya ujazo ya kokoto zilezile, zikiwa katika hali ileile. Tarakimu ya kitabuni ni ya kukadiria tu. Pima mwenyewe: pima vipimo vya ndani vya bodi la tipa, lijaze, sawazisha juu kwa ubao, kisha lipitishe kwenye mzani likiwa tupu na likiwa limejaa. Bodi la mita za ujazo 10 likitoa tani 15.4 halisi, uzito ni tani 1.54 kwa mita moja. Rudia kwa matipa kadhaa yaliyochotewa sehemu mbalimbali za rundo, utumie wastani.

Kwa 1.54 rundo letu lina tani 3,436. Uzito ukikosewa kwa 0.1 tu, tani 223 zinaongezeka au zinapotea, na hiyo ni zaidi ya makosa mengi ya upimaji yaliyotajwa hapa. Kumbuka pia kwamba kokoto za ndani ya rundo, hasa pale loda ilipopanda juu, zimeshindiliwa kuliko zilizo kwenye bodi la tipa. Uzito wa tipa kwa hiyo huelekea kuwa wa chini kidogo.

Hesabu yangu na karatasi za mzani hazilingani. Nianzie wapi kutafuta?

Anza na tarehe. Upimaji ni picha ya saa moja. Matipa yaliyoingia na kutoka siku hiyohiyo lazima yajulikane yalipita kabla au baada. Baada ya hapo tazama maji. Mzani hupima kokoto pamoja na unyevu wake, na vumbi la mawe hushika maji mengi kuliko kokoto kubwa, kwa hiyo tani za msimu wa mvua na za kiangazi si kitu kimoja.

Mwisho tazama chini. Loda haifuti uwanja hadi sakafu uliyoipima. Safu ya sentimita 10 inayobaki imechanganyika na udongo, kwenye mita za mraba 700, ni mita za ujazo 70, na kwa uzito wetu ni tani 108 ambazo zimo kwenye hesabu lakini hakuna mteja atakayezipakia. Kukubaliana mapema kama safu hiyo inahesabika au haihesabiki kunaokoa mabishano mengi.

Kuna haja gani ya mikato siku hizi kuna droni?

Kwa marundo mengi makubwa droni hushinda, kwani inaona uso wote. Lakini nayo haioni sakafu. Mikato michache iliyopimwa kwa mkono ndiyo inayokuonyesha kama uso wa droni umekaa juu au chini ya ule halisi. Na kwa rundo moja au mawili, pengine utakuwa umeshamaliza mikato kabla picha hazijachakatwa.

Ripoti iwe na nini?

Tarehe na saa, alama za kudumu zilizotumika na vimo vyake, sakafu ilitoka wapi, jedwali la cheneji na maeneo, namna ncha zilivyokokotolewa, na uzito wa mita ya ujazo pamoja na siku ulipopimwa. Ambatisha michoro ya mikato, yote kwa skeli moja. Mtu mwingine akipewa karatasi hizo aweze kufika kwenye 2,231 bila kukupigia simu.